Mkuo mmoja, vipimo viwili: ulipwe leo sokoni au usubiri kiwandani?

“Mkuo wetu wa dhahabu wa gramu 500 ulisoma asilimia 84 kwenye soko la madini. Kiwanda cha kusafisha dhahabu kikaandika 82, na uzito nao ukapungua. Tumeibiwa?” — mchimbaji, Nzega, Tabora

Huenda hamjaibiwa, lakini kwa namba hizo peke yake huwezi kujua.

Mashine ya eksirei ya sokoni huona ngozi ya mkuo tu, unene mdogo kuliko karatasi. Mkuo wa vati una fedha na shaba ndani yake. Ukioshwa kwa asidi ya naitriki, fedha na shaba za juu huliwa, dhahabu inabaki usoni na mashine inasoma zaidi ya kilichomo. Ukibaki na weusi wa shaba iliyoungua, husoma pungufu. Ndiyo maana wanunuzi wazoefu hupunguza bei kwa tahadhari, na mwenye mkuo safi hulipia woga ulioletwa na waliodanganya kabla yake. Hilo linaniuma.

Kiwandani mkuo huyeyushwa upya. Boraksi, unyevu na uchafu vikitoka, uzito hushuka, na gramu 4 kati ya 500 si ajabu. Kisha huchukuliwa sampuli ndogo ya kipimo cha moto: huyeyushwa na risasi, risasi huondolewa, fedha huyeyushwa kwa asidi, na dhahabu inayobaki hupimwa kwenye mizani nyeti. Hicho ndicho kipimo cha kuaminika, ilimradi sampuli imechukuliwa kwenye uji uliokorogwa vizuri. Ikikwanguliwa pembeni mwa mkuo uliopoa, haina maana.

Tuhesabu kwa gramu za dhahabu safi, tukichukua masharti ya mfano tu. Sokoni: 500 mara 0.84 ni 420. Mnunuzi akikata asilimia 3 kwenye bei, unabaki na thamani ya gramu 407.4. Kiwandani: 496 mara 0.82 ni 406.7. Wakilipa asilimia 99.5 ya hiyo, kwa sababu chembe hupotea katika usafishaji, ni 404.7. Ondoa ada ya usafishaji yenye thamani ya gramu 2, unapata 402.7. Hapo soko limekishinda kiwanda kwa karibu gramu 5, na umesubiri bure. Lakini kipimo cha moto kingesoma 86, ungepata 422.4, yaani gramu 15 zaidi ya soko. Mpaka uko kwenye 83: chini yake soko linalipa, juu yake kiwanda kinalipa. (Tozo za serikali sijaziingiza. Za sokoni, mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, ziangalie kwenye risiti zenyewe.)

Fedha iliyomo wengi hulalamika kwamba hailipwi. Ni kweli, lakini mkuo wenye asilimia 12 ya fedha una gramu 60 hivi, na thamani yake yote mara nyingi haifiki gramu 1 ya dhahabu. Usigombanie fedha huku nukta 1 ya usafi wa dhahabu, ambayo ni gramu 5, ikikupita.

Kinachoumiza zaidi ni muda. Vibarua, mafuta ya jenereta na mwenye karasha hawasubiri, kwa hiyo wengi huuza sokoni kwa sababu ya deni wala si bei. Viwanda hutoa malipo ya awali, tuseme asilimia 90 ya makadirio, na salio baada ya kipimo. Hapo swali kubwa ni bei ya siku gani: ya kupeleka, ya kipimo au ya salio? Bei ikishuka katikati na mkataba umekaa kimya, hasara huwa yako. Niliwahi kusaini karatasi isiyotaja siku ya bei, na salio nililosubiri kwa hamu likawa dogo mno.

Mimi kipande cha dhahabu cha gramu 30 kilichokamatwa kwa zebaki ningekiuza sokoni siku hiyohiyo. Safari ya kiwandani Mwanza ingemeza faida. Kwa mkuo wa gramu mia kadhaa ningeenda kiwandani, nisimame mizani kabla na baada ya kuyeyusha, nione sampuli ikigawanywa mara tatu: yangu, yao, na ya tatu ifungwe kwa muhuri na kuwekewa saini zetu. Yangu ningeipeleka maabara nyingine. Tukitofautiana kwa kidogo kilichokubaliwa, tugawane katikati. Tukipita hapo, ya tatu iende kwa mwamuzi, na aliyekosea zaidi alipe gharama yake.

Kwenu Nzega, anzeni kwa kuuliza sampuli hiyo ya tatu iko wapi. Kama haikuwekwa, ile 82 ni neno la kiwanda peke yake.