Kamati ya Watu Wanne na Sharti Lililobadilika Njiani

Katika makundi ya simu ya wanafunzi wa sekondari hapa Dar es Salaam huzunguka picha nyingi za maswali ya hisabati yaliyoandikwa kwa lugha mbili, Kiingereza juu na Kiswahili chini, na mara nyingi ubishi unaozuka kuhusu jibu hautokani na hesabu hata kidogo. Wabishi wote wawili wamekokotoa sawasawa. Kilichotokea ni kwamba sharti la swali lilibadilika lilipovuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, na kila mmoja alisoma upande wake. Nafundisha hisabati katika darasa la tuisheni huko Temeke, na ninaamini kwamba swali la namna hii halipaswi kupewa jibu moja kimyakimya kana kwamba maandishi yake mawili yanasema jambo moja.

Nitumie swali la mfano nililolitunga kwa umbo la yale yanayosambazwa. Kuna walimu 11, wanawake 6 na wanaume 5, na inatakiwa kamati ya watu 4. Maandishi ya Kiingereza yanataka wanawake katika kamati wawe 2 au zaidi. Maandishi ya Kiswahili chini yake yanasema: "Kamati iwe na wanawake zaidi ya 2." Swali ni kamati ngapi tofauti zinaweza kuundwa.

Tuzihesabu zote kwa kufuata idadi ya wanawake. Kamati isiyo na mwanamke inapatikana kwa njia 5. Yenye mwanamke 1 inapatikana kwa njia 6 × 10, yaani 60. Yenye wanawake 2 ni 15 × 10, yaani 150. Yenye 3 ni 20 × 5, yaani 100. Na ya wanawake 4 ni njia 15. Jumla ni 330, ambayo ndiyo idadi ya njia za kuchagua watu 4 kati ya 11 bila sharti lolote, kwa hiyo tunajua hakuna kamati tuliyoisahau. Anayesoma Kiingereza atajumlisha 150, 100 na 15, apate 265. Anayesoma Kiswahili atajumlisha 100 na 15 tu, apate 115.

Tofauti hii ni kubwa kwa sababu ya mahali sharti lilipokata. Kamati yenye wanawake 2 na wanaume 2 ndiyo inayoundika kwa njia nyingi kuliko nyingine yoyote katika swali hili, na ndiyo hasa inayoingia au kutoka kutegemea kama namba ya mpakani imehesabiwa. Katika mazungumzo ya kawaida hatuoni hatari hiyo. Mtu akisema kwamba harusini kulikuwa na watu zaidi ya 300, hakuna atakayemsuta ikiwa walikuwa 300 kamili, na sikio lililozoea uhuru huo huandika "zaidi ya 2" bila wasiwasi. Lakini kadiri idadi inavyokuwa ndogo, ndivyo mpaka unavyobeba sehemu kubwa ya jibu, na maswali ya kuchagua watu au mipira karibu yote hutumia idadi ndogo.

Katika swali la kuchagua jibu, mwanafunzi hapati hata onyo. Mtungaji mzoefu huweka kati ya majibu yasiyo sahihi yale yanayotokana na makosa yanayojulikana, na kusahau mpaka ni moja ya makosa hayo. Hivyo 265 na 115 huweza kukaa pamoja katika orodha, na aliyesoma Kiswahili kwa uangalifu mkubwa hulikuta jibu lake likimsubiri.

Sharti la pili linaloharibika kwa urahisi ni ukanushaji unaoambatana na neno "wote". Chukua walimu walewale 11, na sasa Kiingereza kinasema kamati isiundwe na wanaume peke yao. Tafsiri inaandika: "Wajumbe wote wasiwe wanaume." Sentensi hiyo ni Kiswahili kizuri, na hilo ndilo linaloificha hitilafu. Mmoja ataisikia kwamba ni marufuku wote wanne kuwa wanaume, aondoe kamati 5 tu na kubaki na 325. Mwingine ataisikia kwamba kila mjumbe asiwe mwanaume, abaki na zile 15 za wanawake watupu. Katika mfano wa kwanza tafsiri ilikuwa na maana moja iliyokosewa. Hapa ina maana mbili, na zote mbili ni halali, kama vile "wote hawakuja" inavyoweza kumaanisha kwamba hakuna aliyekuja au kwamba baadhi hawakufika. Kwa hiyo simlaumu mwanafunzi aliyeandika 15. Alipewa sentensi inayoruhusu hivyo.

Picha huongeza tatizo lake. Mara nyingi hukatwa ili swali liingie lote, na kama karatasi ilikuwa na maelekezo kuhusu lugha ipi ifuatwe maandishi yanapopingana, maelekezo hayo hubaki ukurasa wa kwanza ambao hakuna aliyeupiga picha. Na pale sharti lilipoandikwa kwa alama, w ikiwa idadi ya wanawake, picha iliyobanwa na kutumwa mara nyingi hufifisha kistari kidogo cha chini, hivyo w ≥ 2 husomeka kama w > 2. Msomaji aliyetaka kuamua ubishi kwa kutazama alama hukuta alama inakubaliana na tafsiri mbovu.

Wapo wanaosema kwamba sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, basi Kiingereza kiamue na mjadala uishe. Hoja hiyo inatosha kwa anayetafuta jibu la mtungaji. Haitoshi kwa anayesahihisha, kwa sababu Kiswahili kiliwekwa pale ili kisomwe, na mwanafunzi aliyekitii hajakosea. Katika majaribio ya shuleni, ningempa alama zote aliyepata 115 akionyesha wazi kwamba amehesabu kamati za wanawake 3 na 4. Kama ni swali la kuchagua herufi tu, hatuwezi kujua alisoma wapi, na njia ya haki ni kuliondoa swali katika hesabu ya alama.

Kwa anayetafsiri, kuisoma tafsiri tena na tena hakusaidii, kwa maana tayari anajua alichokusudia na macho yake yatakiona hata kisipokuwepo. Kinachosaidia ni kuchukua kesi ya mpakani na kuiuliza kila lugha peke yake: je, kamati yenye wanawake 2 kamili inakubalika? Bora zaidi, maandishi ya Kiswahili apewe mwalimu mwingine ambaye hajaona Kiingereza, naye ataje kamati anazozikubali. Kiswahili hakikosi namna ya kulisema sharti bila utata. "Wanawake wasiopungua 2" hutosha, na "2 au zaidi" ni nyepesi hata kwa mtoto wa msingi. Kwa sharti la pili, "kamati iwe na mwanamke angalau 1" huondoa ukanushaji wote na kuacha kamati 325.

Na anayejibu picha iliyoletwa kwenye kundi aandike kwanza sharti alilolifuata, w ≥ 2 au w > 2, kisha jibu. Pale maandishi mawili yanapopingana, atoe majibu yote mawili, 265 kwa maandishi ya juu na 115 kwa ya chini, na amwombe aliyetuma apige picha ya ukurasa wa kwanza.