Kaboni inaposhuka na mashine haijaguswa

"Mbwa jike wa miaka 11, kilo 18, tunamtoa mfuko wa uzazi uliojaa usaha. Oksijeni ya damu, SpO2, ni 98, kaboni ya pumzi anayotoa, EtCO2, imeshuka toka 40 hadi 27 ndani ya dakika 10, na presha ya wastani, MAP, toka 68 hadi 51. Mwenzangu anasema anapumulishwa kupita kiasi, tupunguze pumzi za mashine. Yuko sawa?"

Hoja yake si ya kubeza. Hewa ikipita kwa wingi mapafuni, kaboni dioksaidi husombwa na namba hushuka. Ila basi kitu kingebadilika kwenye mashine. Kama imebaki pumzi 12 kwa dakika, ujazo uleule, mapafu hayajafanya jipya. Kilichopungua ni mzigo unaoletwa: damu ndiyo inayobeba kaboni, na moyo ukisukuma kidogo, kidogo ndicho kinachofika kutolewa. Presha nayo imeshuka bega kwa bega.

Kabla hujaamua, tazama wimbi la EtCO2 kwenye skrini. Likipanda wima na kukaa bapa juu kabla ya kushuka, sampuli ni nzuri. Likiwa kilima cha mviringo, kagua puto la mpira wa hewa na kimrija cha sampuli. Huenda hewa ya nje inaingia. Mkanda wa kupimia presha pia: upana wake uwe karibu asilimia 40 ya mzunguko wa mguu. Mpana mno hushusha namba, mwembamba mno huipandisha.

Na hiyo 98? Mbwa anavuta oksijeni tupu. Hapo shinikizo la oksijeni kwenye damu laweza kuanguka toka 500 hadi 100 mmHg na namba isitikisike. Tena haisemi damu inapita kwa kiasi gani. Mimi huisoma mwisho.

Ubishi wenye uzito ni wa tiba. Kupunguza isoflureni, gesi ya usingizi, hakuna anayepinga, kwa kuwa hulegeza mishipa. Maumivu yazibwe kwa fentanili. Baada ya hapo, wengine hukimbilia maji ya mshipa, wengine noradrenalini, dawa ya kukaza mishipa. Maji yana mantiki, mgonjwa wa usaha mara nyingi amekauka: mililita 5 kwa kilo, yaani 90, kwa dakika 10 hadi 15. Lakini mbwa mzee mwenye mlio wa vali ya moyo inayovuja anaweza kujaa maji mapafuni, na sumu ya bakteria hulegeza mishipa kiasi kwamba maji pekee hayaishiki presha. Ningempa dozi hiyo moja, nipime tena, na MAP ikibaki chini ya 60 nianze noradrenalini kwa mikrogramu 0.1 kwa kilo kwa dakika, nikipandisha taratibu. Mwenye mlio, ningeanza na dawa mapema zaidi.

EtCO2 ikirudi 36 bila mtu kugusa mashine, jibu umelipata. Mngepunguza pumzi, ingerudi 36 vilevile, skrini ikapendeza, na figo zikabaki kwenye presha ya 51.