Alama ya tukio ikae pale bei ilipobadilika, si pale habari ilipotoka

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na kabla jua halijawa kali picha za grafu zimeshajaa kwenye magrupu yetu ya WhatsApp hapa Dodoma. Nyingi ni mstari mtupu unaopanda na kushuka bila maelezo. Chache zimewekewa alama za matukio: kistari cha wima na maneno mawili matatu ya kueleza bei iliruka kwa nini. Ugomvi wangu ni na hizo zenye alama, kwa sababu mstari mtupu humwacha mtu na swali lake, lakini alama iliyokaa vibaya humpa jibu la uongo.

Mfano ninaoupenda ni petroli ya mwaka 2022. Nitatumia bei za rejareja za Dar es Salaam kwa sababu ndizo zilizotajwa zaidi kwenye matangazo. Ya kwetu huwa juu kidogo kwa gharama ya kuyasafirisha mafuta, ila umbo la mstari ni lilelile. Aprili lita ilikuwa shilingi 2,861. Mei ikapanda hadi 3,148, Juni ikashuka hadi 2,994, Julai 3,220, Agosti 3,410, na Septemba ikarudi 2,969. Namba sita tu, lakini humo ndani mna vita, ruzuku na soko la dunia, na kila kimoja kina namna yake ya kuonekana kwenye mstari.

Tuanze na vita. Urusi iliivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, na karibu kila anayechora huweka alama yake hapohapo. Tarehe ni sahihi, lakini kwenye bei za pampu haieleweki. Tangazo la Machi lilitoka wiki hata haijaisha tangu vita vianze, na bei ya mwezi hubeba gharama ya shehena zilizonunuliwa nyuma, kabla meli haijatia nanga. Mruko wenyewe unaonekana Aprili na Mei. Msomaji akiona alama ya vita, kisha mstari unaendelea kimya kwa zaidi ya mwezi, atasema vita havihusiki, au atatafuta mchawi mwingine wa Aprili.

Mimi hugawa kazi. Tarehe ya tukio naiwekea kistari kifupi chini kabisa, kwenye mhimili wa tarehe. Maneno nayapandisha hadi kwenye ngazi ya bei yenyewe: "Shehena za baada ya vita zaingia sokoni". Macho yanafuata mstari, kwa hiyo maelezo yawe pale macho yatakaposimama.

Ruzuku ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Serikali iliitangaza mwezi Mei, shilingi bilioni 100, ianze kutumika tarehe 1 Juni. Kuna grafu moja ilikuwa na alama ya ruzuku katikati ya Mei, yaani juu kabisa ya bei ya 3,148. Nilimwonyesha kijana wa bodaboda kwenye kijiwe karibu na Soko la Majengo. Aliitazama, akakuza kwa vidole viwili, akaniuliza, "Kaka, kumbe ruzuku ndiyo ilipandisha?" Hakukosea kusoma. Alisoma kilichochorwa. Tangazo ni habari ya magazeti. Kilichogusa pampu ni tarehe ya kuanza kutumika, na hapo ndipo alama inapokaa.

Tena grafu hiyo ilikuwa na kosa lililoficha hilo kosa la kwanza: nukta za kila mwezi ziliunganishwa kwa mistari ya mshazari. Bei kikomo haishuki kidogokidogo kuanzia tarehe 4 Mei hadi 1 Juni. Inakaa palepale mwezi mzima, kisha asubuhi moja inabadilika. Mshazari unaonyesha bei ikishuka taratibu tangu mwanzo wa Mei, kwa hiyo alama yoyote utakayoiweka katikati ya mwezi itaonekana ina kazi. Chora ngazi, na alama ya ruzuku itaangukia kwenye ukingo wa ngazi bila kubahatisha. Kwa wanaotumia Python:

```python
from datetime import date
import matplotlib.pyplot as plt

siku = [date(2022,4,6), date(2022,5,4), date(2022,6,1),
        date(2022,7,6), date(2022,8,3), date(2022,9,7),
        date(2022,10,5)]
bei = [2861, 3148, 2994, 3220, 3410, 2969, 2969]

fig, ax = plt.subplots()
ax.step(siku, bei, where="post")
ax.axvline(date(2022,6,1), ls=":", lw=1, color="gray")
ax.annotate("Ruzuku yaanza\n1 Juni", xy=(date(2022,6,1), 2994),
            xytext=(6, -32), textcoords="offset points")
plt.show()
```

Hiyo 2,969 iliyorudiwa mwishoni si bei ya Oktoba. Ni ya kuipa Septemba urefu wake, maana bila hiyo ngazi ya mwisho haichoreki na bei ya mwezi huo inaonekana kama ncha tu. Neno "post" nalo lina maana: bei inashikilia kuanzia tarehe yake kwenda mbele. Ukiweka "pre", kila badiliko litasogea nyuma mwezi mzima na ruzuku itaonekana imefanya kazi kabla haijaanza.

Sasa hata alama ikikaa pazuri, bado haijasema yote. Kutoka Mei hadi Juni bei ilishuka shilingi 154. Mtu ataangalia alama, atapima ngazi kwa macho, atasema ruzuku ilitusaidia shilingi 154 kwa lita. Lakini wakati ule ilielezwa kwamba bila ruzuku bei ya Juni ingefika takribani 3,300. Kwa hiyo msaada wenyewe ulikuwa kama shilingi 300, na nusu yake ililiwa na kupanda kwa gharama za soko mwezi huohuo. Hapa mimi huongeza nukta moja tupu juu ya Juni, kwenye 3,300, na maneno "bila ruzuku". Ni nukta hiyo inayoipa alama haki ya kudai sababu. Bila kitu cha kulinganisha nacho, alama inasema tu kwamba mambo mawili yalitokea siku moja.

Halafu kuna Septemba. Bei inaporomoka kwa shilingi 441, ngazi ndefu kuliko zote, na mkono unawasha kuiwekea alama. Mwenzangu mmoja alitaka tutafute tukio lolote la Agosti tulibandike, grafu isionekane na pengo. Nilikataa. Ruzuku ilikuwepo tangu Juni, kwa hiyo yenyewe peke yake haielezi badiliko hilo. Kilichokuwa kikiendelea ni bei ya mafuta ghafi duniani kushuka polepole tangu katikati ya mwaka, na mwendo wa polepole hauna siku yake. Kistari cha wima kingeubunia tarehe. Tuliandika sentensi moja chini ya grafu kwamba bei za dunia zilikuwa zikishuka tangu Juni na kwamba nafuu hufika pampuni kwa kuchelewa, kama makali yalivyochelewa. Ngazi ya Septemba tukaiacha bila alama.