Nyota na reli kwenye kitochi si kosa la simu

Msimu wa kupanda unapokaribia huku Nyanda za Juu Kusini, meseji za vyama vya ushirika na maduka ya pembejeo huanza kumiminika kwenye simu za wakulima. Siku hizi baadhi yake zinafika zimejaa vinyota na alama za reli ambazo hakuna anayejua zimetoka wapi. Wengi huilaumu simu. Utasikia kitochi kimezeeka, au mtandao wa kijijini unavuruga herufi. Mimi nasema simu haijakosea hata kidogo: imeonyesha kile ilichotumiwa. Kosa liko kwa aliyetuma, na linarekebishika kabla kidole hakijabonyeza "Tuma".

Mama mmoja wa Inyala, mkulima wa viazi na mahindi, alinipa simu yake nimsomee meseji ya namna hiyo. Nilipomaliza akaniuliza, "Sasa mwanangu, hizi nyota nizibonyeze kwanza au nisubiri?" Lilikuwa swali la mtu mwenye akili. Kwenye simu yake nyota na reli zina kazi moja, kupigia menyu: nyota moja hamsini nyota sifuri sifuri reli, halafu M-Pesa inafunguka. Akiona `##` juu ya meseji na `**` pande mbili za neno, ni haki yake kudhani kuna kitu anatakiwa kupiga.

Hebu tuangalie meseji yenyewe ilivyokuwa. Nimeifupisha kidogo, ila alama sijazigusa:

```
## Mbolea ya msimu
**DAP** imefika ghalani.
- Njoo na **namba ya usajili**
- Lipa kwa `*150*00#`
```

Haya ni maandishi ya Markdown, utaratibu uliotolewa na John Gruber mwaka 2004. Nia yake ilikuwa kumwezesha mtu aandike kwa herufi za kawaida tu, kisha programu iyageuze maandishi hayo kuwa HTML, lugha ya kurasa za mtandaoni. Reli mbili mwanzoni mwa mstari zinaiambia programu kwamba hiki ni kichwa kidogo cha habari. Nyota mbili kila upande zinaiambia ikoleze neno. Programu ikishazisoma inazitupa, na msomaji wa ukurasa anaona kichwa kikubwa na neno lililokolezwa, bila nyota wala reli.

Kwa hiyo Markdown ina nusu mbili, maandishi na programu ya kuyageuza. Aliyetuma meseji ile alipeleka nusu ya kwanza peke yake. Kwenye kitochi hakuna programu ya kuigeuza, na hata ingekuwepo, meseji ya kawaida haina mahali pa kubebea ukolezo. Inabeba herufi zinazofuatana, basi. Kwa simu, nyota ni herufi kama A au B, na huwezi kuilaumu kwa kuonyesha herufi iliyoletewa.

Gruber mwenyewe alitaka maandishi haya yasomeke hata kabla ya kugeuzwa, na alama zake nyingi alizitoa kwenye mazoea ya watu waliokuwa wakiandikiana barua pepe za maandishi matupu. Wao walishazoea kwamba neno lililowekwa kati ya nyota ni neno la kusisitizwa. Ni hoja nzuri kwa wasomaji wale. Lakini mkulima wa Inyala hakupitia huko. Anayesema "si inasomeka tu, atazoea" anamtwisha msomaji kazi ambayo ilikuwa ya mwandishi.

Inakuwaje mtu mzima atume kitu kama hicho bila kushtuka? Mara nyingi hakukiona. Programu nyingi za kuandikia madokezo siku hizi huficha alama wakati unaandika. Unaona neno DAP limekolea, umeridhika, unakopi. Lakini kwenye baadhi yake kinachokopiwa ni maandishi ya chini yenye alama zake zote, na ukiyabandika kwenye mfumo wa kutuma meseji kwa wingi, nyota zinajitokeza. Kama una haraka na kiboksi ni kidogo, hutaziona. Wa kwanza kuziona atakuwa mwanachama wa chama chako.

Hasara haiishii kwenye macho, ipo pia ya fedha, na hii ndiyo ningependa makatibu wa vyama waielewe. Meseji moja hubeba baiti 140, sawa na biti 1120, biti ikiwa kipimo kidogo kabisa cha data. Alfabeti ya kawaida ya meseji, inayoitwa ya GSM, hutumia biti 7 kwa kila herufi, na ndiyo maana zinaenea herufi 160. Nyota, reli na kistari vimo kwenye alfabeti hiyo, kwa hiyo vinasafiri bila shida. Kile kialama kidogo kilichoinama, `` ` ``, ambacho Markdown hukitumia kuzungushia namba za kupiga na amri za kompyuta, hakimo. Kikiwemo hata kimoja tu, meseji nzima huhamishiwa kwenye mfumo wa biti 16 kwa kila herufi, na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70.

Hesabu meseji yetu hapo juu, pamoja na nafasi na mistari mipya: ina herufi 96. Vialama viwili vilivyoinama vimeshusha nafasi hadi 70, na 96 zinavuka hapo, kwa hiyo inakatwa vipande viwili. Vitoe hivyo viwili tu, zinabaki herufi 94 na inaenda kama meseji moja. Chama chenye wanachama 300 kinalipia meseji 600 badala ya 300 kwa sababu ya alama mbili ambazo hakuna aliyezihitaji. Kosa hili hutokea hata bila Markdown. Programu za kuandikia barua hupenda kupindisha kile kikato cha juu kwenye "ng'ombe". Kilichonyooka kimo kwenye alfabeti ya GSM, kilichopinda hakimo. Mifumo mingine hukinyoosha yenyewe kabla ya kutuma, mingine haijishughulishi.

Sasa mtu atasema, dawa ni rahisi: tafuta nyota zote, futa. Hapo ndipo kuna shimo kubwa zaidi. Ukifuta kila nyota kwenye meseji ile, mstari wa malipo unabaki `15000#`. Mkulima atapiga namba hiyo na menyu haitafunguka, na hatajua ni kwa nini. Nyota za kukoleza na nyota za kupiga ni herufi ileile. Kinachozitofautisha ni mahali zilipo na kazi zinayofanya, na hilo linahitaji msomaji anayeelewa, awe mtu au programu inayoijua Markdown.

Shimo hilohilo lipo upande wa pili. Tuseme katibu ameweka tangazo kwenye ukurasa wa chama unaotumia Markdown, akaandika `Lipa kwa *150*00#` bila kuizungushia chochote. Programu itaona nyota, kisha 150, kisha nyota nyingine, na itaelewa kwamba 150 ni ya kuandikwa kwa herufi za mlalo. Ukurasa utaonyesha 150 iliyolala ikifuatwa na `00#`, na nyota zote mbili zimemezwa. Kwenye ukurasa wa namna hiyo unatakiwa uizungushie vile vialama vilivyoinama, au uweke mkwaju wa kinyume mbele ya kila nyota, hivi: `\*150\*00#`. Lakini ukiituma hiyo kwa meseji, mkulima ataona mikwaju pia, na kila mkwaju wa kinyume unahesabiwa kama herufi mbili kwenye alfabeti ya GSM.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka tangazo moja libandikwe kila mahali kama lilivyo. Maandishi yanayofaa ukurasa hayafai kitochi, na yanayofaa kitochi yataharibika kwenye ukurasa. Kuhamia WhatsApp nako hakumalizi jambo. Kule nyota moja kila upande hukoleza neno, wakati kwenye Markdown nyota moja hulaza herufi na mbili ndizo hukoleza. Na yule mama wa Inyala, pamoja na wengine wengi wenye simu za batani, anabaki nje ya kundi.

Kwa meseji, msisitizo ubebwe na maneno, herufi kubwa na mpangilio. Meseji yetu ningeiandika hivi:

```
MBOLEA YA MSIMU
DAP imefika ghalani.
1. Njoo na namba ya usajili.
2. Lipa kwa *150*00#
```

Hapa kuna herufi 86, meseji moja, na nyota pekee zilizobaki ni za kupiga. Mpangilio wa namba nimeuchagua makusudi. Kistari mwanzoni mwa mstari hakimchanganyi mtu sana, lakini moja na mbili zinamwambia mkulima aanze na kipi, na mtoto anayemsomea bibi yake anaweza kuzitamka.

Mwenye matangazo mengi na kompyuta mezani hana haja ya kusafisha kwa mkono. Programu ya bure iitwayo Pandoc inaisoma Markdown kama inavyotakiwa kusomwa, kisha inatoa maandishi matupu. Hapa tangazo limo kwenye faili la ujumbe.md:

```
pandoc -f commonmark -t plain --wrap=none ujumbe.md
```

Hii haifuti nyota ovyo. Inaondoa zile zinazofanya kazi ya Markdown na kuacha zile zilizozungushiwa kama namba ya kupiga. Bado utapitisha macho kwenye nafasi za ziada ambazo huenda ikaziweka, kwa sababu kila nafasi inahesabiwa.

Hata hivyo kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kujitumia meseji wewe kwanza, kwenye kitochi halisi, kabla ya kuituma kwa mamia. Tazama pia kihesabu cha mfumo wako. Kikianza kuhesabu kutoka 70 badala ya 160, ndani ya maandishi kuna alama isiyomo kwenye alfabeti. Itafute kwa kufuta mstari mmoja mmoja hadi kihesabu kirudi 160. Mstari uliofuta mwisho ndio wenye mgeni.

Na wanaotengeneza mifumo hii ya kutuma kwa wingi, tunaowalipa kwa kila meseji, nao wana sehemu yao. Kiboksi cha kuandikia kionyeshe maandishi kama yatakavyofika, herufi kwa herufi, na alama iliyosababisha meseji kukatwa mara mbili iwekewe rangi nyekundu papo hapo. Mfumo tayari unaijua alama hiyo, maana ndiyo iliyoufanya utoze mara mbili.