Neno la kati lisiloenea: jogoo, bata na sinia moja

"Kuku wote wana mabawa. Majogoo wote wana mabawa. Kwa hiyo majogoo wote ni kuku. Sentensi zote tatu ni kweli, sasa kosa liko wapi?"

Kosa halimo ndani ya sentensi yoyote kati ya hizo tatu. Limo kwenye lile "kwa hiyo". Toa majogoo, weka bata: kuku wote wana mabawa, bata wote wana mabawa, kwa hiyo bata wote ni kuku. Mwendo wa hoja ni uleule, misingi, yaani zile sentensi mbili za mwanzo, bado ni kweli, lakini safari hii hitimisho ni uongo mtupu. Njia inayoweza kukutoa kwenye kweli na kukufikisha kwenye uongo haithibitishi chochote, hata siku inapokufikisha salama. Kwamba jogoo ni kuku ulikwishalijua tangu utotoni, wala hukulipata kwenye hoja hii.

Chukua sinia kubwa la pilau na vibakuli viwili. Sinia ni kundi la wenye mabawa. Kibakuli cha kwanza, kuku, kiweke ndani ya sinia. Cha pili nacho kiweke ndani ya sinia hilohilo. Umekwisha kutimiza misingi yote miwili, lakini hakuna aliyekuambia vibakuli viwekwe wapi. Unaweza kukiweka kimoja ndani ya kingine, kama majogoo na kuku. Unaweza kukiweka kila kimoja pembeni kwake, kama bata na kuku, na sinia likabaki na nafasi ya popo na nzige. Kuwa ndani ya sinia moja hakujavigusanisha.

Sinia hapa ndilo neno la kati, yaani neno linalotokea katika misingi yote miwili na kutoweka kwenye hitimisho. Kazi yake ni kuunganisha. Ili liunganishe, lazima angalau mara moja lizungumziwe lote, kila kilichomo kihesabiwe. Wanamantiki husema neno hilo "limeenea". Ukisema "kuku wote wana mabawa" umemgusa kila kuku, lakini hukumgusa kila mwenye mabawa. Umesema tu kwamba kuku wamo miongoni mwao. Sentensi ya pili nayo haikuwagusa wenye mabawa wote. Huenda basi msingi wa kwanza unazungumzia kona moja ya sinia na wa pili kona nyingine.

Njia ya kulitambua kosa ni kulitazama neno la kati peke yake. Likiwa ndilo linalohesabiwa na "wote", kama kuku katika "kuku wote", limeenea. Likikaa mwisho wa sentensi ya kukanusha, limeenea pia, kwa sababu ili kusema hakuna mbuzi mwenye mabawa ni lazima uwe umewapitia wenye mabawa wote na kumkosa mbuzi. Ndiyo maana hoja hii inasimama: kuku wote wana mabawa, hakuna mbuzi mwenye mabawa, kwa hiyo hakuna mbuzi aliye kuku. Likikaa mwisho wa sentensi ya kukubali, mara mbili, hapo pana tatizo.

Lakini wapo wanaosema kanuni hii ni kali mno, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mtu anasimama kituoni na kusema, "Daladala za njia yetu zina mstari wa kijani, ile inayokuja ina mstari wa kijani, twende." Kwa umbo lake, hoja hiyo ni ndugu wa ile ya bata. Hata hivyo mtu huyo hupanda na kufika nyumbani, kwa sababu anajua jambo ambalo hakulitamka: katika mji ule, mstari huo umepewa njia yake peke yake. Ukiliongeza, msingi unakuwa "zote zenye mstari wa kijani ni za njia yetu". Zenye mstari wa kijani sasa ndizo zinazohesabiwa na "zote", na hoja ni kamili. Kumwambia mtu huyo kwamba amekosea kufikiri ni kumwonea. Alichofanya ni kufupisha maneno, kama tunavyofanya sote.

Ninaukubali utetezi huo, kwa sharti moja: lile "peke yake" lililofichwa liwe kweli. Na mara nyingi si kweli, nasi hatuligundui kwa kuwa halikutamkwa. Tazama homa. Wenye malaria hupata homa, mtoto huyu ana homa, basi ana malaria. Katika mazungumzo yetu wengi husema "homa" wakimaanisha malaria yenyewe, na hapo vibakuli viwili tayari vimefanywa kimoja kabla hoja haijaanza. Sinia la wenye homa lina nimonia, lina taifodi, lina maambukizi ya mkojo. Kuna wakati katika maeneo yenye malaria nyingi watoto wa chini ya miaka 5 walitibiwa malaria kwa kuangalia homa tu, na haukuwa ujinga: ugonjwa huua haraka na vipimo vilikuwa haba. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa apimwe kwanza, kwa hadubini au kwa kipimo cha haraka, isipokuwa pale kipimo hakipatikani. Homa ilibaki kuwa sababu ya kupima, ikaacha kuwa uthibitisho. Hapo ndipo mimi ninapouweka mpaka: neno la kati lisiloenea linaweza kukupa dokezo la mahali pa kuchungulia, na dokezo ni kitu cha thamani, ila usilitie saini kama jibu.

Kuna upande mmoja zaidi ambako kanuni yenyewe inabanwa, na huko kosa haliko kwa msemaji hata kidogo. Mantiki ya kale, iliyoanzia kwa Aristotle karne ya 4 kabla ya Kristo, ilihesabu kwa "wote", "baadhi" na "hakuna" tu. Haikuwa na nafasi ya "zaidi ya nusu". Chukua kapu la machungwa 10. Sita ni ya Muheza. Sita yameiva. Neno la kati ni machungwa ya kapuni, na hakuna msingi uliolitaja kapu zima, kwa hiyo halikuenea popote. Jaribu sasa kuyatenga. Weka 6 ya Muheza upande mmoja, yamebaki 4. Yaliyoiva ni 6 na nafasi zilizobaki ni 4 tu, kwa hiyo angalau machungwa 2 yaliyoiva lazima yawe ya Muheza. Hitimisho limethibitika bila kubahatisha. Mwanahisabati Augustus De Morgan aliziandikia hoja za namna hii mwaka 1847.

Hapa kinachounganisha ni kubanana. Vibakuli vimekuwa vikubwa kiasi kwamba sinia haliwezi kuvibeba bila kimoja kupanda juu ya kingine. Na ni rahisi kuona ubanano unapokwisha: machungwa ya Muheza yakiwa 5 na yaliyoiva 5, yanaweza kutengana kabisa, na huna haki ya kudai hata moja. Kwa majogoo na kuku hatukupewa hesabu yoyote, tulipewa sinia tu. Anayetaka kuwaunganisha kwa mabawa itabidi awageuze: majogoo wote ni kuku, kuku wote wana mabawa, kwa hiyo majogoo wote wana mabawa. Sasa neno la kati ni kuku, na ndilo linalohesabiwa na "wote" katika "kuku wote".