Bom dia, porco!

Jumatatu moja, jikoni kwetu São Paulo palikuwa kama matangani. Jana yake, kwenye mpira, Corinthians walikuwa wamewafunga watani wao Palmeiras, na mpishi mkuu, Palmeiras damu, alikuwa anakatakata vitunguu kama vilikuwa na deni lake.

Jamaa yetu wa Bukavu, mwosha vyombo na Corinthians wa kutupwa, alikuwa akitafuta neno la kumchoma. Kwenye treni aliwasikia mashabiki wenzake wakiwaita Palmeiras "porco", yaani nguruwe. Kwa mtoto aliyesoma madrasa, tusi gani tena linazidi hilo? Nikamwambia, "Kaka, hilo liache." Lakini tayari alishasukuma mlango.

"Bom dia, porco!"

Mpishi akainua upawa juu. "Dá-lhe, porco!", yaani twende, nguruwe! Wenzake wakapiga masufuria, wakamkumbatia, wakamvisha jezi ya kijani hajatua hata begi. Mhudumu wa Corinthians akachungulia dirishani: "Vira-casaca!" Ndivyo wanavyomwita aliyehama timu.

Tusi hilo lilikuwa na makali zamani. Mwaka 1969, Corinthians walipofiwa na wachezaji wawili kwa ajali ya gari, waliomba wasajili wengine msimu ukiendelea. Palmeiras wakapinga, wakaitwa nguruwe kwa roho mbaya. Miaka ikapita, na mwaka 1986 mashabiki wa Palmeiras wakaamua kulibeba wenyewe. Tangu hapo ukiwaita hivyo, unawashangilia.

Nikamweka chemba, huku kavaa kijani, nikamfundisha utani. Kwanza, unamwacha mtu anywe kahawa yake. Kisha unauliza kwa upole, "Dormiu bem?", amelala vizuri? Akiguna tu, ongeza. Akinyamaza kabisa, ishia hapo, maana huyo bado ana kidonda. Taja matokeo, kipa na makombe. Rangi ya mtu, mama yake na mtaa anaotoka usiviguse, hapo utani umekwisha na ugomvi umeanza.

Akaenda. "Dormiu bem, mestre?" Mpishi akaguna. Vizuri. "Cadê o Mundial?", ubingwa wenu wa dunia uko wapi?

Hapo ndipo penyewe. Corinthians wana ubingwa wa dunia wa vilabu wa 2000 na 2012. Palmeiras walifika fainali mwaka 2022, wakafungwa na Chelsea 2-1.

"Mil novecentos e cinquenta e um!" mpishi akafoka, ila anacheka. Wao huhesabu Copa Rio ya 1951, walipoishinda Juventus. Corinthians wanasema hilo lilikuwa bonanza tu. Mmoja akatoa simu, mwingine akachora uwanja kwa unga mezani, na mhudumu akaacha wateja wake. Aliyekumbuka wali hakuwepo.

Harufu ya ukoko ikamleta bosi, shabiki wa klabu ya São Paulo, nao mabingwa wa dunia. Akatazama sufuria, akatazama jezi ya kijani, akatutazama wote. Hakutukana wala hakufoka. 1992, 1993, 2005: aliinua vidole vitatu tu, akafungua madirisha.