Nyota tano za marafiki, nyota moja ya mteja

Waandishi wanaojichapishia hapa Nairobi tunaujua huu ujumbe, na wengi wetu tumeutuma: "Kitabu kimetoka leo. Nibebe na nyota tano, chako kikitoka nitakubeba." Nilipotoa riwaya yangu fupi kuhusu makanga wa barabara ya Jogoo, niliwatumia watu ishirini. Kumi na mmoja wakaitika ndani ya siku mbili. Ukurasa wa duka la mtandaoni lililoniuzia nakala za karatasi ukajaa nyota tano tupu, nami nikalala usingizi mnono.

Wiki ya tatu akaja mteja wa kumi na mbili, akaacha nyota moja na maneno haya: "Hawa wote wameandika siku mbili zilezile na watatu wanasema 'kitabu moto'. Ni mabeshte wa mwandishi. Kurasa za 65 hadi 80 zimejirudia, 81 hadi 96 hazimo. Sheng yenyewe ya zamani. Mia nane yangu imeenda."

Kabla ya kuwalaumu wanaobebana, tuisikilize hoja yao, maana ina uzito. Amazon haimruhusu mtu kuandika maoni mpaka awe amenunua vitu vya angalau dola 50 dukani humo katika miezi 12 iliyopita. Msomaji wa Kayole aliyeazima kitabu kwa jirani, akakisoma usiku kucha na kukipenda kweli, hana mlango pale. Kitabu cha Nairobi kinaweza kusomwa na watu mia tatu na bado ukurasa wake ukakaa mtupu, na mnunuzi wa mbali akiona mtupu anapita. Wanaobebana wanasema wanaliziba tu shimo ambalo hawakulichimba wao.

Shimo ni la kweli. Ila kuna njia ya kuliziba ambayo wengi wetu hatuijui au tunaiona ya polepole. Amazon hiyohiyo inayowakataza ndugu na marafiki wa karibu kuandika maoni inamruhusu mwandishi kugawa nakala za bure, mradi asiyadai maoni kama malipo ya ile nakala wala asijaribu kuyaelekeza. Goodreads, mtandao wa wasomaji wa vitabu ambao pia ni mali ya Amazon tangu 2013, hauulizi ulinunua wapi: ukiwa na akaunti, unaandika. Yule wa Kayole mlango wake uko huko.

Kwa hiyo chapa ya pili niliiendea hivyo. Faili ya kitabu niliipeleka kwa wasomaji 25, wengi wao watu wa vilabu vya usomaji ambao sijawahi kunywa nao chai, mwezi mmoja kabla ya kitabu kutoka, pamoja na ujumbe huu:

"Habari yako. Hii ni nakala ya bure ya riwaya yangu. Ukiisoma na ukapata nafasi, andika ulivyoiona, iwe umeipenda au hukuipenda, na utaje kwamba ulipewa bure. Usipoandika, hakuna deni. Makosa ya herufi nitumie mimi kabla ya tarehe 10, bado nina muda wa kuyarekebisha."

Ujumbe huo nilitaka kuuandika vingine. Rasimu ya kwanza ilisema, "Ukiipenda andika, usipoipenda niambie inboksi." Sote tumeyaona maneno kama hayo yamebandikwa ukutani hotelini: ukifurahia waambie wengine, usipofurahia tuambie sisi. Katika hoteli ni adabu, kwa kuwa chapati mbaya mwenye hoteli anaweza kuibadilisha palepale. Kwenye ukurasa wa maoni, maneno yaleyale ni kichungi: waliofurahi wanabaki hadharani, waliochukia wanafichwa inboksi, na mnunuzi anaona nusu ya habari akidhani ndiyo yote. Hakuna aliyedanganya hata neno, na bado mnunuzi amedanganywa. Makosa ya herufi yana haki ya kuja inboksi kwa sababu kitabu hakijauzwa bado. Hukumu ya msomaji haina sababu ya kupitia kwangu.

Kati ya 25, walioandika ni tisa. Mmoja aliweka nyota mbili kwenye Goodreads, nikaumia hadi nilipogusa zile nyota nikaona zinavyosomeka: mbili ni "it was ok", yaani si haba. Kule mtu akikupa tatu amekupenda.

Sasa nirudi kwa mteja wa mia nane. Mhariri mmoja ninayemheshimu aliniambia, "Ukijibu, umetia kuni." Mara nyingi ana haki. Amazon iliondoa nafasi ya kujibizana chini ya maoni mwaka 2020, na Goodreads inawashauri waandishi wasiwajibu wasomaji wasiopendezwa. Kule msomaji anazungumza na wasomaji wenzake, na mwandishi akiingia huwa kama mtu aliyesimama nje ya dirisha akisikiliza. Lakini ukurasa wa duka la hapa ni mahali pa mauzo. Mimi ndiye niliyepokea pesa, na kunyamaza mbele ya mtu anayesema bidhaa ni mbovu si busara, ni kukwepa.

Siku ile ya kwanza sikuandika kitu. Nilikwenda stoo kufungua vitabu. Mashine huchapa karatasi kubwa inayokunjwa ikawa kurasa 16, kisha mafungu hayo yanapangwa na kugandishwa. Ukihesabu kumi na sita kumi na sita, fungu la tano ni 65 hadi 80 na la sita ni 81 hadi 96. Mpangaji alichukua la tano mara mbili akaliruka la sita. Hakuna haja ya kusoma kitabu kizima kulijua kosa hilo: fungua ukurasa wa 80, tazama kama unaofuata ni 81. Kati ya nakala 120 zilizobaki, tisa zilikuwa hivyo.

Kesho yake nilijibu: "Asante kwa kununua na kwa kusema. Ni kweli, fungu la kurasa limerudiwa na jingine limekosekana. Nimekuta nyingine tisa. Nikuletee nakala nzima au nikurudishie Sh800, chagua wewe. Huna haja ya kubadilisha ulichoandika. Na kweli wengi wa walioandika hapo juu wananijua, niliwaomba mimi."

Kuhusu Sheng sikusema neno. Hilo ni sikio lake, na huenda ana haki: makanga wangu anaongea kama nilivyoongea mimi nikiwa shule. Sentensi ya kutobadilisha maoni ndiyo iliyonigharimu, kwa sababu mkono ulitamani kuandika kinyume chake. Ila pesa inayorudishwa kwa sharti la kufuta nyota inakuwa bei ya ile nyota. Sentensi ya mwisho yule mhariri anaipinga hadi leo. Anasema nilijivua nguo bure, kwamba kosa la kurasa lingetosha. Mimi naona kwamba mteja alikuwa ametaja mambo mawili yanayoweza kuthibitishwa, na ningekiri moja tu, hata hilo moja lisingeaminika.

Alichagua pesa. Nilimtumia kwa M-Pesa, akajibu "sawa". Nyota yake haikuguswa. Wale kumi na mmoja niliwaomba waongeze kwamba tunajuana: sita wakaongeza, wanne wakaona haya wakafuta, na mmoja nikagundua simjui kabisa. Wastani ulioanza na 5 ukashuka hadi 4.7 siku ya nyota moja sasa ni 4.5.